Kabla ya Kumpigia Mjomba Simu

Ilikuwa Alhamisi baada ya magharibi, mama akiwa bado juu ya msala, simu yake ilipolia mara tatu mfululizo kwa mlio wa wasapu. Namba hakuijua. Picha ya kwanza ilimwonyesha mwanawe wa miaka 28, karani wa hesabu katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, akiwa kifua wazi kando ya kijana mwingine katika chumba ambacho yeye hakuwahi kukiona. Picha ya pili ilikuwa ya mazungumzo yao ya maandishi, na maneno yake hayakumwachia mama nafasi ya kujidanganya. Ujumbe wa tatu ulidai shilingi 30,000 kwa M-Pesa kabla ya saa nne usiku, ama sivyo picha hizo zingefika msikitini, kazini na kwa majirani wote wa Majengo, hapa Mombasa.

Familia hii naifahamu kwa karibu, na nimeruhusiwa kuusimulia mkasa wao kwa sharti la kubadilisha yale yanayoweza kuwatambulisha. Nausimulia kwa sababu mjadala wetu wa Pwani kuhusu mtoto shoga huanzia kwenye hukumu na kuishia hapo hapo: ni haramu, basi. Hukumu ya dini wazazi wengi wanaijua tangu chuoni, na hawahitaji mwandishi wa magazeti awasomeshe. Wasichokijua ni la kufanya saa ile ya kwanza, mikono inapotetemeka, na kwa jinsi nilivyoona, saa hiyo ndiyo inayoamua kama mazungumzo yatabaki au yatakatika kwa miaka. Swali lake ni dogo na la kawaida kabisa: nani aambiwe?

Kidole cha mama kilikuwa tayari juu ya jina la kaka yake. Hilo si la kushangaza. Kwetu mjomba ndiye anayeitwa mtoto akifukuzwa shule, akigombana na mkewe au akikamatwa na polisi, na mara nyingi huja na busara na nauli pia. Lakini jambo hili halifanani na kugombana na mke. Mjomba akishaambiwa, mkewe naye atajua, kwa kuwa atamwona mumewe halali usiku. Mkewe atamnong'oneza dadake, na kufikia Jumamosi kutakuwa na kikao cha ukoo juu ya mtu ambaye mwenyewe hajaulizwa chochote. Na katika mji huu, habari ya namna hii ikitoka nje ya mlango haileti aibu peke yake.

Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, tulichorithi kutoka kwa wakoloni, kinatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa kile kinachokiita kuingiliana kinyume cha maumbile, na kifungu cha 165 kinatoa hadi miaka 5 kwa vitendo vya aibu baina ya wanaume. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu hivyo tarehe 24 Mei 2019. Ni kweli kwamba sheria inaadhibu kitendo na si hisia, na mtu hawezi kushtakiwa kwa kuwa alivyo, ila umati hausomi vifungu. Februari 2010 uvumi wa harusi ya wanaume wawili ulitosha kuwatoa watu majumbani Mtwapa. Kituo cha afya kilichokuwa kikitoa huduma za virusi vya ukimwi kikazingirwa, na watu wakapigwa kwa kushukiwa tu. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa katika Kaunti ya Kwale na wakalazimishwa kupimwa maumbile ya siri hospitalini ili kutafutwa ushahidi. Iliwachukua hadi Machi 2018 ndipo Mahakama ya Rufani, ikikaa hapa Mombasa, iliposema kwamba upimaji ule ulikuwa kinyume cha sheria. Mzazi anayetaka kumwambia mjomba ili apate wa kulia naye ana haki ya kulia, lakini ajue pia kwamba neno likishamtoka halirudi, na kwamba atakayelibeba mgongoni ni mwanawe.

Dini yenyewe ina neno la jambo hili, nalo tunalitumia kila siku bila kulifikiria: sitara. Mtume, rehema na amani zimfikie, amepokewa katika Sahihi Muslim akisema kwamba mwenye kumsitiri Mwislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na akhera. Surat Al-Hujurat, aya ya 12, inakataza kudhaniana vibaya, kupelelezana na kusengenyana kwa mkupuo mmoja. Simwoni mzazi anayefunga mlango na kunyamaza kuwa amelegea katika dini. Naona ameshika amri iliyo wazi, wakati ile ya kumtangaza mwanawe hakuamrishwa na yeyote.

Mama aliondoa kidole kwenye jina la kaka yake, akampigia mwanawe. Nilipomuuliza baadaye alimwambia nini, alicheka kidogo kwa haya, kwa sababu hakusema lolote kubwa.

"Nilimwambia, mwanangu, uko wapi? Ushakula? Njoo nyumbani, kuna mtu ameniletea picha zako, na mimi ndiye mamako, hutaulizwa na mwengine kabla yangu."

Upande wa pili ukawa kimya muda mrefu, kisha akasikia mtu mzima akilia kama mtoto wa chuo. Kijana alikuwa ameshamlipa mtu yule mara mbili, 15,000 mwezi wa kwanza na 20,000 uliofuata, na mara ya tatu akawa hana. Walikutana mtandaoni, mwenzake akajifanya mpenzi, wakapigana picha, na kumbe ndiyo kazi yake. Wanaoijua hali ya vijana hawa katika miji yetu wanaijua biashara hii vizuri. Kinachouzwa ndani yake si picha, bali ni kutojua kwa wazazi. Kijana hulipa kwa sababu amejiaminisha kwamba siku mama atakapojua ndiyo siku atakayokufa machoni pake, na kadiri imani hiyo inavyodumu, mlaghai anayo akiba isiyokwisha. Usiku ule mama alipojua, na chakula kikapakuliwa vilevile, bei ya zile picha ilianguka.

Hawakulipa. Hawakumjibu matusi wala kumbembeleza. Waliuhifadhi kila ujumbe na namba iliyotumika, bila kufuta chochote, na asubuhi wakaenda kwa wakili wanayemwamini badala ya kukimbilia kituo cha polisi, kwa sababu katika hali ya sheria zetu mlalamikaji anaweza kugeuzwa mshtakiwa kabla hajamaliza kuandikisha maelezo. Wakili aliwaeleza kwamba kudai mali kwa vitisho ni kosa katika Kanuni ya Adhabu ileile inayowatisha, na kwamba sheria ya 2018 ya makosa ya kompyuta na mitandao inamwadhibu anayesambaza picha za faragha za mtu. Vitisho viliendelea siku nne, kisha vikakatika. Si kila mlaghai hunyamaza, na familia hii ilikuwa na bahati. Lakini hata kama picha zingetoka, zingemkuta kijana akiwa na mtu upande wake.

Hadi hapo mambo yalikwenda vyema kuliko kawaida. Kisha yakaharibika kwa njia mbili ambazo ni za kawaida mno.

Ya kwanza ilikuwa kwa baba. Huyu ni mzee aliyefanya kazi bandarini miaka 31, mtu wa safu ya mbele msikitini, asiyepaza sauti. Alipoonyeshwa hakupaza sauti hata siku ile. Alisema tu, "Nyumbani kwangu asilale," akaenda isha, na kwa wiki 11 hakulitaja jina la mwanawe. Ukimya wa namna hii watu huuita subira, na mimi nadhani tunaupamba. Mwana anayepigwa kelele anajua angalau baba yake anafikiri nini. Anayenyamaziwa hujaza ule ukimya kwa hofu zake mwenyewe, naye hujaza yaliyo mabaya kuliko aliyonayo baba. Baba huyu, kama tulivyokuja kujua baadaye, alikuwa akijiuliza swali moja tu kila usiku: nilikosea wapi? Nilimpeleka chuo, nilimlisha halali, nilikosea wapi?

Kwa swali hilo jibu lipo, na ni la kutuliza kidogo. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha yake ya maradhi tarehe 17 Mei 1990. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2019 katika jarida la Science, uliochunguza vinasaba vya karibu watu nusu milioni, haukukuta kinasaba kimoja kinachosababisha hali hii, bali athari nyingi ndogo ndogo zinazochanganyika na mambo mengine ambayo wanasayansi bado wanayatafuta. Katika yote hayo hakuna ushahidi kwamba baba mpole sana au mkali sana humfanya mwanawe awe hivi. Hilo halimlazimishi mtu abadilishe anachokiamini kuhusu halali na haramu. Linamwondolea kosa ambalo si lake, na mzazi asiyejishtaki huwa na nafasi ya kusikiliza.

Ya pili ilikuwa kwa mama mwenyewe. Siku ya tisa alizidiwa, akamwambia dadake. Halati alimwapia kwa Mola kwamba hatasema, na bila shaka alikusudia hivyo, lakini kabla ya Ijumaa mjomba alikuwa kwenye baraza akiwa na mpango kamili: kijana azinguliwe na mtu wa Kisauni, anyweshwe kombe siku saba, kisha aozwe binti wa jamaa wa Malindi kabla ya Ramadhani. Familia ya Kikristo ya Mikindani au Changamwe ingepita njia ileile kwa majina mengine, yaani maombi ya ukombozi, mfungo, na binti wa kwaya.

Kusomewa Kurani hakumdhuru mtu kama mwenyewe ameridhia, na kijana huyu alikubali mara moja kwa heshima ya mama yake. Taabu huanzia pale kusomewa kunapogeuka kipimo. Aliposomewa na asibadilike, mjomba aliona kwamba jini ni sugu. Alipoitwa mara ya pili, ya tatu, na akaanza kupigwa kwa ufito miguuni ili jini liseme, aliondoka akiwa na alama na hakuonekana kwa wiki mbili. Wanasaikolojia wa Marekani walipopitia mwaka 2009 tafiti zilizokuwapo kuhusu juhudi za kumbadilisha mtu mwelekeo wake, walihitimisha kwamba hakuna uwezekano mkubwa wa kufanikiwa, na kwamba zina hatari ya kumdhuru. Wakati wa kuacha unajulikana kwa urahisi: ni pale mwana anapoanza kusema amebadilika huku akishindwa kukuangalia usoni. Hapo tiba imemfundisha kuogopa na kusema uongo, mambo mawili ambayo hakuja nayo.

Habari ya ndoa inanikera zaidi, na nakiri hapa siwezi kuandika kwa upole. Kila nikisikia "aozwe tu, atatulia", namuuliza mzungumzaji kama yuko tayari kumtoa binti yake mwenyewe. Hajatokea aliyesema ndiyo. Yule binti wa Malindi ana wazazi, ana ndoto za nyumba yake, na angeingia katika ndoa ambayo ukoo mzima unajua siri yake isipokuwa yeye. Miaka miwili baadaye angekuwa mahakamani kwa Kadhi akiomba talaka, akijiuliza yeye ana kasoro gani. Mama alimkatalia kaka yake kwa sauti ambayo, asema, hakujua anayo: "Binti ya watu si dawa ya mwanangu."

Katika wiki zile nilimtajia mama utafiti mmoja, na naurudia hapa pamoja na mipaka yake. Mwaka 2009 jarida la Pediatrics lilichapisha kazi ya Caitlin Ryan na wenzake kuhusu vijana 224 wa California wa miaka 21 hadi 25. Wale waliosema familia zao ziliwakataa sana walikuwa na uwezekano mara 8.4 zaidi wa kusema wamewahi kujaribu kujiua kuliko wale ambao hawakukataliwa au walikataliwa kidogo. California si Mombasa, na idadi hiyo haipaswi kuhamishwa huku kama ilivyo. Kilichonivutia ni namna walivyokupima kukataliwa. Walihesabu vitendo, kama vile kumzuia mtoto asiwaone rafiki zake, kumtenga na shughuli za familia, kumtusi au kumpiga. Na katika kazi yao na familia zenye dini sana, walikuta kwamba mzazi anaweza kuviacha vitendo hivyo bila kuiacha itikadi yake. Mama alisikiliza akasema, "Basi ni kama kumlisha mgonjwa asiyetaka kufunga. Simwambii kufunga si faradhi." Mfano haukukaa sawa, kwani mwanawe si mgonjwa, na nilimwambia hivyo, lakini nilielewa anakokwenda.

Aliyofanya baada ya hapo naona ndiyo yenye faida zaidi kwa wazazi wengine. Alimkalisha mwanawe akamwambia msimamo wake mara moja, kwa utulivu: "Mimi naamini dini inakataza, na sitakudanganya kwamba nimebadilika. Nimeshasema. Sitalirudia kila ukija kula." Na hakulirudia. Mzazi anayeweka mawaidha kwenye kila sahani humfundisha mwanawe kuja mara chache, na dalili zake huonekana mapema: majibu yanakuwa "niko sawa, mama", ziara zinakuwa za siku zenye wageni tu, simu zinapokewa na kukatwa kabla ya dakika mbili. Aliondoa pia maneno fulani nyumbani. Inachekesha na kusikitisha kwamba "shoga", neno ambalo mama huyu na rafiki zake wameitana kwa mapenzi tangu usichana wao, ndilo lilelile linalorushwa barabarani kama jiwe. Na hilo bado ni jepesi kando ya hanithi na msenge. Alimwambia mdogo wa kijana huyu kwamba atakayetamka mojawapo ya hayo ndani ya nyumba atakula nje.

Kijana naye alikuwa na lake la kujifunza. Katika hasira za wiki ya tatu alimtaka mama achague, amkubali kamili au amkose kamili. Nilimwambia ukweli kama ninavyouona: yeye alikuwa na miaka 15 ya kulifikiria jambo hili, na mama alipewa usiku mmoja, tena na mlaghai. Hakufurahi kusikia hivyo, ila alipunguza kasi.

Masheikh niliozungumza nao hunitajia kisa cha Nabii Nuhu na mwanawe, kwa kawaida ili kunionyesha kwamba damu si hoja mbele ya imani, na hunisomea aya ya 46 ya Surat Hud, ambamo Nuhu anaambiwa kwamba mwana yule si katika watu wake. Naikubali aya, na siiondoi katika mahali pake, kwa kuwa inamhusu mtu aliyekataa imani yenyewe. Lakini naomba tuanzie aya ya 42. Maji yamekwisha kupanda, mawimbi ni kama milima, mwana yuko mbali, na baba bado anamwita, tena kwa neno la mapenzi ambalo Kiarabu humwitia mtoto mdogo, ya bunayya, ewe kijanangu. Aliyeukata wito ule ni wimbi, aya ya 43 yasema, si baba. Na maneno ya aya ya 46 hayakusemwa na Nuhu. Aliyasema Mwenye kuhukumu, baada ya kila kitu kwisha. Sisi tunayasema tukiwa bado nchi kavu, mwana akiwa amesimama mlangoni.

Nilimsomea baba aya hizo mbili barazani kwake, wiki ya kumi. Hakujibu. Aliniongezea kahawa.

Muda wote huo mama alikuwa akimpelekea mwanawe biriani ya Ijumaa, katika bakuli la plastiki lenye kifuniko cha buluu, kwa kijana wa bodaboda hadi chumba alichopanga Tudor. Kwetu chombo cha watu hakirudishwi kitupu, na kijana, ambaye amelelewa, alikuwa akilirudisha bakuli limeoshwa na ndani yake kuna kitu: tende, halua ya robo kilo, mara moja maembe mawili ya Apple. Baba alikuwa akiviona vitu hivyo mezani na kuvipita. Wiki ya 11 mvua ilinyesha tangu alfajiri, bodaboda hakuja, na bakuli likabaki jikoni likiwa limefungwa hadi karibu na alasiri. Baba alitoka chumbani, akaligusa kwa nyuma ya kiganja, akauliza kwa nini chakula kimeachwa kipoe. Mama akasema hakuna wa kukipeleka. Baba akachukua mwavuli.

Hakupanda juu. Alimpigia mwanawe kutoka chini ya ngazi, akampa bakuli, akamuuliza kama paa linavuja. Kijana akasema linavuja kidogo upande wa dirisha. Waliongea juu ya paa kwa muda, kuhusu mabati na mwenye nyumba asiyetengeneza, na baba akarudi nyumbani miguu imelowa. Hadi ninapoandika hawajaligusa jambo lenyewe, wala kijana hajalala nyumbani. Ila Ijumaa siku hizi bakuli linakwenda na baba.